Ubao wa umeme ukisema 50, kibao cha pembeni kinanyamaza

Barua ya polisi inafika nyumbani asubuhi, kabla shofa hajatoka kazini. Ndani kuna namba ya oto yake, siku, saa, jina la barabara na mwendo aliokuwa nao. Anaisoma mara mbili. Anakumbuka siku ile: barabara ilikuwa wazi, jua linawaka, na yeye alikuwa chini ya mwendo wa mwisho anaoujua yeye na kila mtu aliyesoma kitabu cha sheria. Iweje basi aandikiwe faini?

Ndugu zetu wengi wa Kivu, Ituri, Maniema na Katanga waliokwenda Ulaya wanaishi kwa usukani. Wanapeleka vifurushi, wanaendesha teksi, wanabeba wafanyakazi wa usafi usiku. Huku nyumbani tumezoea kibao cha chuma kilichosimama kando ya ruti: kimeandikwa namba moja, na namba hiyo haibadiliki mpaka kutu iile. Kule, kwenye barabara kubwa zenye magari mengi, namba inaweza kubadilika mara kadhaa katika saa moja, na ile inayowaka juu ya kichwa ndiyo inayohukumu. Anayelijua jambo hili amepona na hasara kubwa.

Tuchukue barabara moja ili jambo lieleweke vizuri: M25, ile inayozunguka jiji la London. Ina urefu wa kilomita 188 na ilikamilika mwaka 1986. Sehemu yake ya kusini-magharibi, inayopita karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, kati ya makutano namba 10 na namba 15, ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini Uingereza kuwekewa mwendo unaobadilika, mwaka 1995.

Baba Amani na ubao wa 50

Tuseme kuna mtu tunayemwita Baba Amani, mzaliwa wa Uvira. Ni mtu wa mfano tu, lakini hali yake ni ya wengi. Permi ya Kongo haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Anayehamia kule anaruhusiwa kuitumia kwa miezi 12, kisha lazima afanye mtihani wa nchi ile. Baba Amani aliufanya, akashinda, na sasa ana miezi 14 na permi yake mpya. Anaendesha kamionete ya kupeleka mizigo. Mapema mwaka huu alishapewa pointi 3 kwa kukimbia katika mtaa wa mji.

Alasiri moja anaingia M25. Pale njia ya kupandia inapokutana na barabara kubwa, anapita kibao cha duara cheupe chenye mstari mweusi wa mshazari. Kibao hicho kinamaanisha kwamba mwendo wa kawaida wa nchi unatumika, na kwa oto ndogo kwenye barabara za namna hii ni maili 70 kwa saa, yaani kilomita 113. Uingereza bado inapima kwa maili, na hilo peke yake huwachanganya wageni.

Baada ya kilomita chache anapita chini ya boriti ya chuma iliyovuka barabara yote. Juu ya kila njia kuna ubao mdogo mweusi, na kila ubao unaonyesha namba 50 ndani ya duara jekundu. Hamsini kwa maili ni kilomita 80. Baba Amani anatazama mbele na haoni foleni wala polisi wala gari lililoanguka. Anajiambia kwamba hayo ni mashauri tu, kwa sababu kibao alichokiona pale mwanzo kilimruhusu 70. Anabaki kwenye 66. Kamera iliyofungwa kwenye boriti inamulika.

Kosa lake ni kudhani kwamba vibao viwili vinashindana na yeye ndiye mwamuzi. Sheria imekwisha kuamua zamani.

Nani anashinda nani

Sisi Wakongo tunalijua wazo hili kuliko tunavyofikiri. Taa ikiwa ya kijani lakini polisi wa barabarani amesimama katikati ya makutano akanyoosha mkono, unasimama. Hata Kinshasa, tangu mwaka 2013, yalipowekwa yale maroboti makubwa ya alumini ya kuongoza magari, watu walielewa haraka kwamba mkono wa roboti unatiiwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya barabara, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, umeandika hivyo hivyo: agizo la ofisa anayeongoza magari linashinda taa, vibao na kanuni zote, na taa inashinda kibao kinachosema nani apite kwanza.

Mantiki yake ni nyepesi. Kibao kiliwekwa na mtu ambaye hakujua nini kitatokea leo saa kumi alasiri. Polisi aliyesimama pale anajua. Yule anayeona hali ya sasa anamshinda yule aliyeandika zamani. Ubao wa umeme ni mkono wa polisi ulioinuliwa juu ya barabara.

Lakini kwenye M25 jambo halikuachwa kwa mantiki peke yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 juu ya kuongoza magari inampa waziri uwezo wa kuandika kanuni kwa ajili ya barabara hizi kubwa, na kila sehemu yenye mwendo unaobadilika ina kanuni yake. Kanuni inasema hivi kwa ufupi: ndani ya sehemu hii, hakuna ruhusa ya kuendesha kwa mwendo unaozidi ule ulioonyeshwa na ubao wa mwisho uliopita. Namba hiyo inakufuata mpaka upite ubao mwingine unaoonyesha namba tofauti, au upite alama inayosema mwendo wa kawaida wa nchi umerudi, au utoke katika sehemu hiyo.

Kwa hiyo ile 70 haikufutwa. Ndiyo dari ya barabara wakati ubao haujasema kitu. Ubao ukiwasha namba katika duara jekundu, dari inashuka mpaka pale, na inabaki pale mpaka ubao uiondoe. Haipandi juu ya 70 hata siku moja. Baba Amani hakukosea kusoma kile kibao cha mwanzo. Alikosea kudhani kwamba bado kilikuwa kinasema.

Kwa nini namba inashuka barabara ikiwa wazi

Hapa ndipo watu wengi wanapokasirika. Wanasema: mimi sioni kitu mbele, kwa nini mnanishikilia? Jibu liko chini ya lami.

Katika kila njia ya barabara hiyo kumefukiwa nyaya zilizokunjwa kama pete, mbili mbili, na kituo kimoja kikitoka kingine kwa umbali wa karibu mita 500. Oto ikipita juu, waya unaihisi kwa sababu ya chuma chake. Kwa kuwa pete ni mbili, mashine inapima muda kutoka ya kwanza hadi ya pili na kujua mwendo. Inahesabu pia ni oto ngapi zimepita kila dakika. Mtambo huo unaitwa MIDAS, na ndio unaoamua namba bila mtu kugusa kitu, isipokuwa pale wafanyakazi wa chumba cha uongozi wanapotaka kuweka amri yao.

Zilipoanza kazi kwenye M25, mbao zilipangwa zishuke hadi 60 pale magari yanapofika 1,650 kwa saa katika kila njia, na hadi 50 yanapofika 2,050. Namba hizi zina maana rahisi. Saa moja ina sekunde 3,600. Magari 1,650 kwa saa katika njia moja ni gari moja kila sekunde 2 na kidogo. Magari 2,050 ni gari moja kila sekunde 1 na robo tatu. Sasa, kitabu cha serikali cha sheria za barabara kinamwambia kila shofa aache sekunde 2 kati yake na aliye mbele, hata barabara ikiwa kavu. Kwa hiyo mtambo unapofika 2,050, unajua jambo ambalo Baba Amani hawezi kuliona akiwa ndani ya kamionete: katika njia ile, watu kwa wastani wameshaingia ndani ya umbali wa usalama.

Ni nini kinachofuata? Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mtu anaweza kulielewa. Walichora duara lenye mzunguko wa mita 230, wakaweka oto 22, wakawaambia mashofa waendeshe wote karibu kilomita 30 kwa saa na wafuate aliye mbele kwa usalama. Hapakuwa na taa, kibao, shimo wala askari. Mwanzoni magari yalizunguka vizuri. Kisha mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma akapunguza zaidi, wa tatu akakanyaga breki, na baada ya muda magari kadhaa yalikuwa yamesimama kabisa. Foleni ile haikukaa mahali pamoja. Ilirudi nyuma kama wimbi, kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, huku kila oto ikiingia mkiani na kutokea kichwani.

Hiyo ndiyo ambuteyaji isiyo na sababu, ile inayokuacha unauliza ulipotoka mbele: mbona hakuna ajali? Sababu ilikuwepo. Ni breki ya mtu mmoja kilomita mbili mbele, dakika kadhaa zilizopita, katika njia iliyokuwa imejaa kupita kiasi.

Sasa turudi kwa Baba Amani. Tuseme mkia wa foleni uko kilomita 2 mbele yake, nyuma ya mpindo, na unarudi kwake kwa kilomita 20 kwa saa. Akiwa kwenye 70 zake, yaani kilomita 113, yeye na mkia wanakaribiana kwa kilomita 133 kwa saa. Watakutana baada ya sekunde 54. Kitabu kile cha serikali kinasema oto inayokwenda maili 70 inahitaji mita 96 ili isimame, ukihesabu na muda wa shofa kushtuka. Kwa maili 50 inahitaji mita 53. Tofauti ya mita 43 ni urefu wa oto karibu kumi zilizofuatana. Anayetoka kwenye mpindo na kukuta magari yamesimama anajua thamani ya mita hizo.

Kuna faida ya pili, nayo haionekani kwa macho. Katika kilomita 5, oto ya maili 70 inatumia sekunde karibu 160, na ya maili 50 inatumia sekunde karibu 225. Ukiwapunguza watu wote katika kilomita hizo 5, kila mmoja anafika kwenye foleni dakika moja na zaidi baadaye kuliko angefika. Dakika hiyo inaipa foleni nafasi ya kutoa magari kichwani kabla ya kupokea mengine mkiani. Mara nyingine wimbi linakufa kabla ya kukufikia. Ndipo unapopita pale, unakuta barabara wazi, na unasema ubao ulikuwa unadanganya. Kumbe uwazi ule ni kazi ya ubao.

Kwa sababu hiyo pia mbao hazishuki ghafla. Mtambo ukikuta magari yamesimama, unaweka 40 karibu na mkia ili kuulinda, na kwenye boriti zilizo nyuma unaweka 50 au 60, watu wapungue hatua kwa hatua. Ukiona 60, kisha 50, kisha 40, jua kwamba mbele kuna kitu, hata kama hukioni.

Wakati ubao unakosea

Tusifiche upande wa pili. Ubao nao unaweza kuchelewa. Foleni inaweza kuwa imekwisha na namba bado inawaka, kwa kuwa mtambo hauondoi amri mara moja. Ungekuwa unawasha na kuzima kila dakika, mashofa wangechanganyikiwa na breki zingeongezeka. Wakati mwingine namba imewekwa na mtu wa chumba cha uongozi kwa sababu ya ukungu, kitu kilichoanguka njiani au mtu aliyeonekana akitembea kando, na jambo limekwisha kabla amri haijaondolewa. Haya yanatokea, na kila yanapotokea watu wanazidi kupoteza imani na mbao. Lakini mbele ya sheria hayabadilishi kitu: namba iliyowaka ilipopitwa ndiyo namba.

Kuna jambo moja ambalo sheria yenyewe imemkinga shofa. Namba ikibadilika wakati uko mita chache tu kutoka kwenye boriti, huwezi kukanyaga breki kwa nguvu katikati ya magari. Kwa hiyo kanuni inasema kwamba ikiwa ubao ulikuwa unaonyesha namba ya juu zaidi sekunde 10 kabla hujaupita, basi unahesabiwa kwa ile ya juu. Kwa maili 60 kwa saa, sekunde 10 ni mita 270 hivi. Ni nafasi ya kutosha kuondoa mguu kwenye gesi bila kumshtua aliye nyuma.

Kinga hiyo inafanya kazi pale tu kamera na ubao vinapokubaliana juu ya saa. Mwezi wa Desemba 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba tangu mwaka 2021 kulikuwa na hitilafu kati ya baadhi ya kamera za mwendo unaobadilika na mbao zake: mabadiliko hayakufika sehemu zote mbili kwa wakati mmoja, na kamera ikawa inamhesabia mtu namba ambayo hakuwa ameonyeshwa. Kampuni ya serikali inayosimamia barabara hizo, National Highways, ilikubali kosa, na walioadhibiwa kimakosa waliahidiwa kurudishiwa fedha na kufutiwa pointi. Ikilinganishwa na faini zote, idadi yao ilikuwa ndogo, lakini kwa yule aliyepoteza kazi haikuwa ndogo.

Funzo la hitilafu hiyo ni kwamba barua ya polisi haitupwi, wala hailipwi kwa hofu bila kuisoma. Kwa kawaida barua ya kwanza inatakiwa kumfikia mwenye gari aliyeandikishwa ndani ya siku 14 tangu kosa. Inamtaka aseme nani alikuwa usukani, na kukaa kimya ni kosa jingine lenye adhabu nzito kuliko lile la mwendo. Tazama saa, dakika, jina la mahali na namba iliyodaiwa kuonyeshwa. Kama una kamera ndani ya oto, tafuta picha za dakika hiyo kabla hazijajifuta. Picha inayoonyesha ubao na saa yake ina uzito mbele ya hakimu. Maneno kwamba barabara ilikuwa wazi hayana.

Kusoma kilichoandikwa juu

Mambo ya kukumbuka si mengi, na yote yanategemea kuangalia ubao una nini kuzunguka namba.

Namba iliyo ndani ya duara jekundu ni sheria. Namba isiyo na duara, mara nyingi ikiwa na taa za rangi ya machungwa zinazowaka na kuzima, ni onyo: inakushauri mwendo unaofaa kwa hatari iliyo mbele. Hutaadhibiwa kwa sababu ya namba hiyo peke yake, lakini ukiipuuza na ukagonga, itatajwa dhidi yako.

Msalaba mwekundu wa X juu ya njia yako unamaanisha njia hiyo imefungwa. Usiingie, na kama umo, toka. Mara nyingi mbele kuna gari lililokufa au watu wanaofanya kazi kwa miguu, nao hawana ukuta mwingine zaidi ya alama hiyo. Tangu Juni 2019 kamera zinaruhusiwa kuwakamata wanaopita chini ya X, na adhabu ya kawaida ni pauni 100 na pointi 3, sawa na kukimbia kupita mwendo.

Ubao mkubwa wa maneno, kama ule unaoandika QUEUE AHEAD, yaani foleni iko mbele, hauna adhabu wenyewe. Unaeleza sababu. Shofa anayeelewa sababu hupunguza kwa moyo mmoja, na ndiyo maana maneno na namba huwekwa pamoja. Mgeni ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga afadhali ajifunze maneno hayo machache kwanza, kabla ya mengine mengi.

Na boriti ikiwa tupu? Watu hubishana sana hapa. Mwendo wa kawaida wa nchi ndio unaotumika ukiwa hujapita namba yoyote. Lakini kama boriti iliyotangulia ilikuonyesha 50 na hii imezimwa, usikimbilie kuongeza gesi. Kanuni inataja namba ya mwisho uliyoipita. Ibaki nayo mpaka uone namba nyingine au ile alama nyeupe yenye mstari mweusi. Ukifanya hivyo kwa kilomita moja utakuwa umepoteza sekunde 13 hivi.

Bei ya dakika mbili

Tumalize hesabu ya Baba Amani. Kutoka boriti ya kwanza hadi mahali alipokuwa anatokea ni kilomita 10. Kwa maili 50 angetumia dakika 7 na nusu. Kwa maili 70, dakika 5 na kidogo. Alikuwa anagombania dakika mbili, tena kama foleni haikumzuia mbele, na ilimzuia.

Kwa kosa la mwendo, adhabu ya chini ni pauni 100 na pointi 3. Mtu aliyevuka kidogo, na ambaye hajahudhuria darasa la usalama katika miaka mitatu, anaweza kupewa nafasi ya kusoma darasa hilo badala ya pointi. Shofa mwenye permi ya zamani anapoteza permi akifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu. Lakini aliye ndani ya miaka miwili ya kwanza anafutiwa permi akifika pointi 6 tu, na analazimika kuanza upya: karatasi ya mwanafunzi, mtihani wa maswali, mtihani wa barabarani. Baba Amani alikuwa na 3. Akiongezewa 3, usukani umekwenda, na kazi imekwenda pamoja nao. Huko Uvira, mwezi ule, Mama Amani atasubiri pesa za shule ambazo hazitafika.

Ni kweli pia kwamba mbao hizi si dawa ya kila kitu. Magari yakizidi uwezo wa barabara, foleni itakuja tu, ubao uwake au usiwake. Unachoweza ni kuichelewesha na kuilainisha. Na Waingereza wenyewe waligombana vikali juu ya barabara ambako, pamoja na kuweka mbao, serikali iliondoa ile njia ya pembeni ya kuegesha gari lililoharibika. Mnamo Aprili 2023 mipango ya kujenga barabara mpya za aina hiyo ilifutwa kwa sababu ya gharama na kwa sababu watu hawakuwa na imani na usalama wake. Lakini ugomvi ule ulikuwa juu ya njia ya pembeni. Mwendo unaobadilika ulibaki, hata katika sehemu zenye njia ya pembeni kamili.

Kwa ndugu aliye kule, au anayejiandaa kwenda, jambo la kushika ni hili: kibao cha pembeni kinasema barabara inaweza kubeba nini siku njema. Ubao wa juu unasema inabeba nini sasa. Ukiona namba ndani ya duara jekundu, ondoa mguu kwenye gesi taratibu, tazama kioo cha nyuma, na uache nafasi ya sekunde 2 mbele yako hata kama wengine wataingia humo. Usiulize foleni iko wapi. Kama mtambo umefanya kazi yake vizuri, hutaiona kabisa.